Je, ni sauti iliyomwangusha John Gilbert?

"Shikamoo Mwalimu. Ninaandika mchezo wa jukwaani kwa ajili ya kikundi chetu cha chuo, kuhusu waigizaji wa sinema bubu walioharibikiwa sauti ilipoingia. Mhusika mkuu ni John Gilbert. Nimesoma kwamba alikuwa na sauti nyembamba kama ya mtoto, watazamaji wakamcheka, na kwamba mkuu wa studio aliagiza fundi amharibie sauti kwa makusudi. Kijana anayemwigiza ameshazoea kuongea kwa sauti ya puani, na kwenye mazoezi watu wanacheka sana. Je, tuendelee hivyo? Na kama haikuwa sauti, kilichommaliza ni nini?"

Marahaba. Mwambie kijana aiache sauti ya puani leo hii, kwa sababu John Gilbert hakuwa nayo. Sauti yake imehifadhiwa katika filamu kadhaa alizoigiza kati ya mwaka 1929 na 1934, na anayetaka anaweza kuisikia kwa masikio yake. Anza na Queen Christina ya mwaka 1933, ambamo anaigiza na Greta Garbo. Utamsikia mwanamume mwenye sauti ya kawaida, nyepesi kidogo kuliko unavyoweza kutarajia ukiyatazama yale macho makali na ule mustachi, lakini safi na yenye utulivu. Isitoshe, mama yake alikuwa mwigizaji wa vikundi vya jukwaani vya kusafiri, naye alikulia katika maisha hayo, kwa hiyo kusema mbele ya watu hakukuwa jambo geni kwake.

Sasa ziangalie tarehe, maana zinasema mengi. Katikati ya mwaka 1929 studio yake, MGM, ilitoa filamu ya burudani mchanganyiko iitwayo The Hollywood Revue of 1929. Ndani yake Gilbert na Norma Shearer walicheza kwa rangi onyesho la roshani la Romeo na Juliet, kwanza kwa maneno ya Shakespeare, kisha wakalirudia kwa lugha ya vijiweni ya Wamarekani wa siku zile. Filamu hiyo ilipendwa. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, ikatoka His Glorious Night, na hapo ndipo watazamaji walipoanza kukohoa, kunong'onezana na hatimaye kucheka wakati wa maonyesho ya mapenzi. Koo lilikuwa lilelile. Kama kasoro ingekuwa kooni, kicheko kingeanza kwenye filamu ya kwanza. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi His Glorious Night ilikuwa vigumu kuonekana, na watu waliendelea kusimuliana juu ya sauti ambayo wengi wao hawakuwahi kuisikia.

Habari ya fundi aliyeagizwa aharibu sauti nayo inahitaji kupimwa kwa haki, kwa sababu ina kipande cha ukweli. Louis B. Mayer, aliyeiongoza studio ya MGM kule California, na Gilbert hawakupendana, na hilo halikuwa siri. Zaidi ya hapo, mkataba mkubwa wa Gilbert aliufunga na Nicholas Schenck, bosi wa kampuni mama mjini New York, mwaka 1928. Mkataba huo ulimpa dola 250,000 kwa kila filamu, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Kwa hiyo Mayer alikuwa na sababu ya kutaka kumwona Gilbert akishuka. Lakini kutoka kwenye sababu hadi kwenye tendo kuna mwendo mrefu, na hapa mitambo yenyewe inaipinga hadithi. Onyesho la mapenzi lilirekodiwa kwa watu wawili kwa pamoja, kwenye mkondo mmoja wa sauti. Fundi ambaye angeondoa uzito kwenye sauti ya mwanamume angeuondoa pia kwenye sauti ya mwanamke aliyemkumbatia, na filamu nzima ingesikika kama mazungumzo ya simu. Mimi siiamini hadithi hiyo, na ningekushauri usiijenge tamthilia yako juu yake. Ukitaka kuonyesha uhasama wa Mayer, utaukuta mahali pengine, na nitafika huko.

Ili uelewe kilichotokea, lazima kwanza ujue mapenzi yalivyopigwa picha kabla ya sauti. Chukua Flesh and the Devil, iliyopigwa mwaka 1926, Gilbert na Garbo wakiwa ndio kwanza wamekutana. Katika studio za wakati ule ilikuwa kawaida kumweka mpiga fidla, au fidla pamoja na kinanda kidogo, pembeni ya kamera, wapige muziki wa kuwaingiza waigizaji katika hali. Mwongozaji alikuwa huru kusema nao wakati kamera inazunguka: msogelee, polepole, sasa mtazame, usiufumbue mkono. Mwigizaji alitembeza midomo, na alichosema hakikuwa na uzito wowote, kwa sababu mtazamaji hakukisikia. Neno moja au mawili ya lazima yaliandikwa kwenye kibao cha maandishi kilichokatizwa katikati ya picha, na mengine yote yalibebwa na uso, mwanga, na muziki uliopigwa mubashara ndani ya jumba la sinema. Mtazamaji ndiye aliyeyatia maneno katika kinywa cha Gilbert, na kila mmoja alitia maneno aliyoyatamani yeye mwenyewe.

Wewe na mimi tunalijua jambo hili kupitia taarabu. Mwimbaji anasimama, fidla zinalia, anamwambia mpenzi wake kwamba hali wala halali kwa ajili yake, kwamba amekuwa mgonjwa asiye na tabibu, na ukumbi mzima unamtunza. Sasa mchukue mtu huyohuyo, ondoa fidla, mketishe sebuleni kwenye kochi, ayaseme maneno yaleyale kwa sauti ya mazungumzo, neno kwa neno, kisha ayarudie mara tatu. Watu watatazamana. Sauti yake haijabadilika, ila maneno yameondolewa katika kilichokuwa kinayabeba.

Hicho ndicho kilichomkuta Gilbert. Katika His Glorious Night yeye ni afisa wa jeshi anayempenda binti wa kifalme, aliyeigizwa na Catherine Dale Owen. Hadithi ilitoka kwenye tamthilia ya Ferenc Molnár, na mazungumzo yake yalikuwa ya maneno mazito na ya mapambo. Afisa anamwambia binti kwamba anampenda, anarudia, anarudia tena, huku akimbusu. Katika sinema bubu kibao kimoja tu kingetosha, na marudio yangebaki kwenye macho. Hapa watazamaji waliyasikia yote, moja baada ya jingine, na mwanamume waliyemwota kwa miaka mitano akawa anasema mambo ambayo hakuna mtu huyasema hivyo. Gazeti la biashara ya sinema, Variety, liliandika wakati huohuo kwamba mapenzi yake yamegeuka kichekesho. Kicheko kile, kwa kiasi kikubwa, kilikuwa cha aibu, kama mtu anayejikuta amesikia siri ya chumba cha jirani.

Mitambo nayo iliongeza uzito, na hapa ningependa ukae kidogo, kwa kuwa ndipo penye mali kwa jukwaa lako. Fikiria uwanja wa studio mwaka 1929. Taa za zamani za makaa zilikuwa zinavuma, kwa hiyo ziliondolewa, zikaletwa taa za balbu kubwa zenye joto kali. Kuta zimefunikwa vitu vya kunyonya sauti, milango imefungwa, na mashine za hewa zinazimwa wakati wa kurekodi ili ngurumo yake isiingie. Kamera, kwa sababu inatoa kelele, imefungiwa ndani ya kibanda pamoja na mpiga picha wake, nayo inatazama kupitia kioo. Kibanda hakisogei kwa wepesi, kwa hiyo picha nayo haisogei. Maikrofoni imefichwa ndani ya chombo cha maua au nyuma ya taa ya mezani, na kwa kuwa inasikia vizuri upande mmoja na kwa umbali mfupi, mwigizaji hana ruhusa ya kugeuza kichwa anaposema. Mpiga fidla ameondoka. Mwongozaji, aliyekuwa akizungumza muda wote, sasa amekaa kimya kama mtu aliye msikitini. Mwenye neno la mwisho ni fundi sauti aliyejifungia katika chumba chake, ambaye akisema sauti haikushika, onyesho linarudiwa hata kama lilikuwa zuri.

Katika hali hiyo, mwigizaji wa mapenzi aliyezoea kumzunguka mwenzake, kumnong'oneza shingoni na kunyamaza muda mrefu, aliambiwa asimame mahali alipowekewa alama, ayaelekee maua, na atamke kila herufi. Herufi za kuvuma kama s na sh ziliwasumbua sana mafundi, ndiyo maana studio zikaajiri walimu wa matamshi, na walimu wale walikuwa wa jukwaa, wenye kupenda matamshi ya kutukuka. Gilbert aliisikiliza sauti yake mwenyewe na kuichunga. Unapomsikia katika filamu zake za kwanza zenye sauti, utaona kwamba anachonga maneno kupita kiasi, kama mtu anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Katika Queen Christina miaka minne baadaye uchongaji ule umepungua, na mtu unamwona tena.

Kuna jambo la kasi pia, ambalo wengi hulisahau. Kamera ya sinema bubu ilizungushwa kwa mkono, na kasi yake iliweza kuongezwa au kupunguzwa, hivyo filamu nyingi zilipita kwenye skrini haraka kidogo kuliko zilivyopigwa. Sauti haikuruhusu hilo, kwa sababu kasi ikibadilika sauti nayo inapanda au kushuka. Ikabidi iwe picha 24 kwa sekunde, daima. Tazamo la mahaba ambalo zamani lilikuwa na muziki chini yake na wepesi ndani yake, sasa lilidumu sekunde zake kamili katika ukimya. Katika siku zile za mwanzo kuweka muziki chini ya mazungumzo kulikuwa kazi ngumu, maana kuchanganya sauti zilizorekodiwa kwa nyakati tofauti kulishusha ubora wake, kwa hiyo maonyesho mengi ya mazungumzo yalibaki makavu.

Ukitaka kuthibitisha kwamba tatizo halikuwa kooni, mlinganishe Gilbert na Ronald Colman. Naye alikuwa mpenzi wa skrini katika sinema bubu, naye aliingia kwenye sauti mwaka huohuo wa 1929. Lakini filamu yake ya kwanza ya kusema, Bulldog Drummond, ilimpa mhusika mchangamfu, mwenye utani, ambaye mapenzi yanamponyoka katikati ya mazungumzo ya kawaida. Watu wakaipenda sauti yake mara moja. Kilichomnufaisha Colman, pamoja na koo lake zuri, ni kwamba alipewa maneno yanayosemeka.

Sasa turudi kwa Mayer. Baada ya kicheko kile, studio ilikuwa na mwigizaji anayelipwa dola 250,000 kwa filamu ambaye jina lake limeingia dosari, na mkataba usiovunjika. Gilbert hakukubali kuuachia. Wakati huo huo soko la hisa la New York lilikuwa limeanguka, Oktoba 1929, na kila kampuni ilianza kuhesabu senti. Filamu alizopewa kuanzia hapo hazikuwa za kumjenga upya. Redemption, ambayo ilipigwa kabla ya His Glorious Night na kuwekwa kando, ikatolewa mwaka 1930 ikamzamisha zaidi. Hapa ndipo uhasama unapoweza kuonyeshwa bila kubuni fundi mwovu. Ukitaka kumzika mwigizaji, mpe hadithi dhaifu, moja baada ya nyingine, huku ukimlipa kwa wakati. Sidai kwamba kila hadithi ilichaguliwa kwa nia mbaya, ila matokeo yake yanaonekana.

Na yeye mwenyewe alichangia. Pombe ilimshika, kujiamini kukamtoka, na mwigizaji wa mapenzi asiyejiamini hana cha kuuza. Hata hivyo usimfanye mzoga kabla ya wakati. Mwaka 1932 alipata kuigiza hadithi aliyoiandika mwenyewe, Downstairs, ambamo yeye ni dereva laghai anayewatapeli watumishi na mabwana wa nyumba moja. Alimwigiza mhusika huyo vizuri sana, bila kujipendekeza kwa mtazamaji hata kidogo, na mimi huiona kuwa kazi yake bora ya enzi ya sauti. Mwaka uliofuata Garbo alisisitiza kwamba yeye ndiye acheze naye katika Queen Christina, badala ya Laurence Olivier aliyekuwa ameshachaguliwa. Haikutosha kumrudisha. Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 9 Januari 1936, akiwa na umri wa miaka 38.

Usije ukadhani kutokana na haya kwamba sauti haikumwangusha yeyote. Wapo iliowagusa moja kwa moja. Raymond Griffith, mchekeshaji hodari, alikuwa na koo lililoharibika tangu utotoni, asiweze kusema zaidi ya mnong'ono. Kwake hapakuwa na njia. Nafasi yake ya mwisho, mwaka 1930, ilikuwa ya askari wa Kifaransa anayekufa ndani ya shimo la vita, kisha akawa mtayarishaji wa filamu. Emil Jannings, mshindi wa kwanza wa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, alirudi Ujerumani mwaka 1929 kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi nzito. Clara Bow, naye nyota wa sinema bubu, alikuwa na lafudhi ya Brooklyn, sehemu ya jiji la New York, ambayo watazamaji hawakuikataa, lakini maikrofoni ilimtia hofu. Alizoea kurukaruka, na sasa akafungwa mahali pamoja. Mwongozaji wake katika The Wild Party, Dorothy Arzner, aliagiza maikrofoni itundikwe kwenye ufito wa kuvulia samaki ili imfuate anakokwenda. Ona tofauti: mmoja aliangushwa na koo, mwingine na lugha, mwingine na woga, na Gilbert na maneno. Kuwatia wote katika kapu moja la "sauti mbaya" ni kuwadhulumu.

Kwa mchezo wako naona una njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na sauti ya kuchekesha. Itakupa kicheko rahisi, ukumbi utafurahi, na sitasema kwamba sanaa hairuhusu kutia chumvi. Lakini itakugharimu huruma, kwa sababu mtazamaji akimcheka mtu kwa maumbile yake, hawezi tena kujiuliza kwa nini amecheka. Njia ya pili ni ngumu zaidi kwa kijana wako: aseme kwa sauti yake mwenyewe, nzuri, na kicheko kitoke kwenye hali.

Lijaribu hivi katika mazoezi. Mara ya kwanza, wacheze onyesho la mapenzi kimya, midomo ikitembea, na mtu apige fidla au kinanda pembeni, nawe mwongozaji ukiwaelekeza kwa sauti. Mara ya pili, ondoa muziki, nyamaza, weka chombo cha maua mezani, wakataze kugeuza vichwa mbali nacho, na wayaseme maneno ya mapenzi kwa ukamilifu, wakiyarudia. Waweke wanachuo wachache watazame mara zote mbili bila kuambiwa chochote. Nimeifanya darasani, na kicheko hutoka mara ya pili bila mtu kubana pua. Usimwambie mwigizaji kwamba watacheka. Aamini kwamba onyesho linakwenda vizuri, maana Gilbert aliamini hivyo.

Kabla hujaandika onyesho la studio, nenda ukakae saa moja na fundi sauti wa redio iliyo karibu nawe, umwombe akuonyeshe maikrofoni inavyosikia mtu anapogeuza kichwa, na herufi s inavyochoma mtu akiisogelea mno. Hilo halielezeki vizuri kwa maandishi. Na kuhusu huyo kijana: ikiwa kwa majuma haya ya kubana sauti ameanza kukwaruza, mpumzishe kusema kwa nguvu kwa siku chache na anywe maji ya kutosha. Kukwaruza kukizidi majuma matatu, au akihisi maumivu anapomeza, asingoje siku ya onyesho. Aende kwa daktari wa masikio, pua na koo, akaangaliwe.